Sala ya Jeneza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maneno Yake na Mpangilio Wake

Majibu haya yanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki. Pale ambapo madhehebu nyingine hutofautiana kwa jambo ambalo msomaji anaweza kulishuhudia safuni, tofauti hiyo imetajwa. Maneno ya Kiarabu yameandikwa kwa herufi za kawaida ili yasomeke, lakini matamshi sahihi hayapatikani ila kwa kumsikiliza mwalimu.

## Misingi

1. Kwa nini sala hii husaliwa kwa kusimama tu, bila rukuu wala sujudu?

Sala ya jeneza ni dua iliyopewa umbo la sala. Ina masharti ya sala nyingine, yaani udhu, kuelekea kibla, kusitiri mwili na kuwa na nguo safi, na ndani yake mna nia, takbira, Fatiha na salamu. Kilichokusudiwa hasa, hata hivyo, ni kumwombea maiti, na yote yanayoitangulia dua ni maandalizi ya kuifikia. Ndiyo maana haina adhana, haina ikama, haina rukuu, haina sujudu wala kikao cha tahiyatu. Kusimama ni nguzo kwa mwenye uwezo. Asiyeweza kusimama kwa ugonjwa au uzee atasali akiwa ameketi, na sala yake ni sahihi.

Sala hii ni faradhi ya kutosheleza: wakiisali baadhi ya Waislamu, wengine wamevuliwa dhima, na isiposaliwa na yeyote, wote waliojua wamepata dhambi. Jambo moja la udhu linastahili kutajwa kwa sababu hutokea sana. Kwa Mashafi, mtu aliye na maji karibu hawezi kutayamamu eti kwa kuhofia kwamba jeneza litasaliwa kabla hajamaliza kutawadha. Wahanafi wanalijuzisha hilo, lakini sisi tunamwambia atawadhe, na akikuta imeshasaliwa anaweza kusali baada yao (tazama swali la 13).

2. Maiti huwekwa vipi, na imamu husimama wapi?

Jeneza huwekwa mbele ya imamu, upande wa kibla. Maiti akiwa mwanamume, imamu husimama usawa wa kichwa chake. Akiwa mwanamke, husimama usawa wa kiuno chake. Hivyo ndivyo ilivyopokewa katika hadithi ya Anas bin Malik, na kuhusu mwanamke katika hadithi ya Samura bin Jundub pia. Maamuma aliye nyuma anaweza kutambua jinsia ya maiti kwa kuangalia imamu amesimama wapi, na hilo litamsaidia katika matamshi ya dua, kama itakavyoelezwa katika swali la 9.

Ni sunna waliohudhuria wapange safu tatu au zaidi, hata kama ni wachache. Watu sita nyuma ya imamu, basi, ni afadhali wapange wawili wawili kuliko kujaza safu moja.

## Mpangilio

3. Mpangilio wote, kwa ufupi, ni upi?

Unanuia na kuleta takbira ya kwanza, kisha unasoma Fatiha. Unaleta takbira ya pili na kumsalia Mtume, rehema na amani zimshukie. Unaleta takbira ya tatu na kumwombea maiti. Unaleta takbira ya nne, unaomba dua fupi, kisha unatoa salamu kulia na kushoto.

Katika kila takbira Mashafi huinua mikono usawa wa mabega, kisha huirudisha chini ya kifua. Ukimwona mwenzako ameinua mikono katika takbira ya kwanza tu, huenda ni Mhanafi, na hajakosea kwa madhehebu yake. Imamu hupaza sauti kwa takbira na salamu peke yake. Mengine yote husomwa kimya kimya, mchana na usiku. Kwa sababu ya ukimya huo mtu anaweza kuhudhuria majeneza kwa miaka mingi, akafuata takbira zote nne, na asijue kwamba baina ya takbira hizo kuna maneno yanayomlazimu yeye binafsi kuyasema. Maamuma hatosheki na dua ya imamu.

4. Nia hutamkwa vipi, na je, ni lazima nijue jina la maiti?

Mahali pa nia ni moyoni, nayo inatakiwa iwe pamoja na takbira ya kwanza. Wapendao kuitamka ili ulimi uusaidie moyo husema: *Usalli 'ala haadhal-mayyiti arba'a takbiiraatin fardha kifaayatin ma'muuman lillaahi ta'aala*, yaani ninamsalia maiti huyu takbira nne, faradhi ya kutosheleza, nikiwa maamuma, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Si lazima kujua jina wala jinsia. Inatosha kunuia kumsalia "maiti huyu" au "yule anayesaliwa na imamu". Ni salama zaidi kuliko kutaja jina, kwa kuwa anayenuia kumsalia fulani bin fulani bila kumkusudia aliye mbele yake, kisha ikadhihirika kwamba maiti ni mwingine, sala yake haikuswihi. Majeneza yakiwa mawili au zaidi, husaliwa wote kwa sala moja na kwa nia ya waliopo.

5. Baada ya takbira ya kwanza husomwa nini, na inaomba nini?

Husomwa *A'uudhu billaahi minash-shaytwaanir-rajiim*, kisha Fatiha pamoja na Bismillahi, na mwishoni Amina. Dua ya kufungulia sala (*Wajjahtu*) haisomwi, wala hakuna sura baada ya Fatiha, kwa kuwa sala hii imejengwa juu ya wepesi. Imepokewa katika Bukhari kwamba Ibn Abbas alisali jeneza akasoma Fatiha, kisha akasema amefanya hivyo ili watu wajue kuwa ni sunna, yaani ni mwendo wa Mtume. Wahanafi huleta sifa za Mwenyezi Mungu mahali hapo badala ya Fatiha.

Fatiha haimtaji maiti hata kidogo. Ni kumsifu Mola wa viumbe, Mwenye kuimiliki siku ya malipo, na kuomba uongofu kwa walio hai. Aendaye kwa mkubwa na haja huanza kwa kumtambua kabla ya kuitaja haja yake, na hiyo ndiyo nafasi ya Fatiha hapa.

6. Na baada ya takbira ya pili?

Unamsalia Mtume. Kiasi cha chini ni kusema *Allahumma salli 'ala Muhammad*. Kilicho bora ni sala ya Ibrahimu kama tunavyoisoma katika tahiyatu ya mwisho, kuanzia *Allahumma salli 'ala Muhammad wa 'ala aali Muhammad, kamaa sallayta 'ala Ibraahiim* hadi *innaka hamiidun majiid*. Unaomba Mwenyezi Mungu amteremshie Mtume na watu wake rehema na baraka kama alivyomteremshia Ibrahimu na watu wake.

## Dua ya takbira ya tatu

7. Maneno ya dua ya maiti ni yapi?

Zimepokewa dua kadhaa. Mbili ndizo zinazosomwa zaidi, na watu huzichanganya. Ya kwanza imepokewa na Abu Huraira, nayo ni dua ya wote:

*Allahumma-ghfir lihayyinaa wa mayyitinaa, wa shaahidinaa wa ghaa'ibinaa, wa swaghiirinaa wa kabiirinaa, wa dhakarinaa wa unthaanaa. Allahumma man ahyaytahu minnaa fa ahyihi 'alal-Islaam, wa man tawaffaytahu minnaa fa tawaffahu 'alal-iimaan.*

Maana yake: Ewe Mola, wasamehe walio hai wetu na maiti wetu, waliohudhuria na wasiokuwepo, wadogo wetu na wakubwa wetu, wanaume wetu na wanawake wetu. Ewe Mola, utakayembakisha hai miongoni mwetu mbakishe katika Uislamu, na utakayemfisha miongoni mwetu mfishe katika imani.

Ya pili imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Auf bin Malik, aliyemsikia Mtume akiisoma katika jeneza, nayo ni ya maiti mwenyewe:

*Allahumma-ghfir lahu warhamhu, wa 'aafihi wa'fu 'anhu, wa akrim nuzulahu, wa wassi' mudkhalahu, waghsilhu bil-maa'i wath-thalji wal-barad, wa naqqihi minal-khatwaayaa kamaa yunaqqath-thawbul-abyadhu minad-danas, wa abdilhu daaran khayran min daarihi, wa ahlan khayran min ahlihi, wa zawjan khayran min zawjihi, wa adkhilhul-jannata, wa a'idhhu min 'adhaabil-qabri wa min 'adhaabin-naar.*

Tofauti ya dua hizi mbili ina uzito wa kifikihi. Nguzo ya takbira ya tatu ni kumwombea *maiti huyu* kwa kumkusudia. Aliyesoma ile ya kwanza peke yake amewaombea Waislamu wote kwa jumla, na kwa Mashafi hajaitimiza nguzo. Kwa hiyo ukijua kwamba muda ni mfupi, anza na *Allahumma-ghfir lahu warhamhu*. Ukiwa na nafasi, soma ya kwanza, kisha uingie katika ya pili.

8. Kila kipande cha dua ya pili kinaomba nini?

Dua inaanza na msamaha na rehema, *ighfir lahu warhamhu*. Msamaha ni kufutiwa yaliyopita, na rehema ni kupewa asichokistahili kwa amali zake. Kisha *'aafihi wa'fu 'anhu*: mwepushe na madhara ya huko aendako, na usimchukulie kwa makosa yake.

*Akrim nuzulahu* ni maneno ya ugeni. *Nuzul* ni kile anachoandaliwa mgeni anapofika, kwa hiyo tunaomba maiti apokewe kama mgeni anayekirimiwa. *Wassi' mudkhalahu* inafuata hapo hapo: panua mahali anapoingia, yaani kaburi. Msemaji anaposema haya, shimo lenyewe huwa limekwisha kuchimbwa, na kila aliye safuni anaujua upana wake.

Kisha dua inageukia kuosha. Maiti amekwisha kuoshwa kwa maji na mikono ya watu kabla ya kuvishwa sanda, na sasa anaombewa kuoshwa ambako hakuna muoshaji wa duniani anayeweza: *waghsilhu bil-maa'i wath-thalji wal-barad*, muoshe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Watu huuliza kwa nini theluji, ilhali uchafu hutoka kwa maji ya moto. Wanazuoni wamesema kwamba makosa yana joto la moto yanakoelekeza, na dawa ya joto ni baridi, ndipo vikatajwa vitu vitatu vya maji vilivyo baridi na visivyoguswa na mikono. Mfano unaofuata ni wa nguo nyeupe inayotakaswa uchafu, na imetajwa nyeupe kwa kuwa ndiyo inayoonyesha hata doa dogo.

Baada ya kutakaswa anaombewa makazi: nyumba bora kuliko nyumba yake, watu bora kuliko watu wake, mwenza bora kuliko mwenza wake. Mwisho ni kuingizwa peponi na kukingwa na adhabu ya kaburi na adhabu ya moto. Auf bin Malik alisema kwamba alipoisikia dua hii alitamani yeye ndiye angekuwa yule maiti. Mimi huwaambia wanafunzi wajifunze kwanza maana, hata kabla maneno hayajakaa ulimini, kwa sababu anayejua anaomba nini haharakishi.

9. Maiti akiwa mwanamke, au wakiwa wengi, au nisipojua, maneno yabadilike vipi?

Kinachobadilika ni kiungo cha mwisho kinachomrejelea maiti. Kwa mwanamke *lahu* huwa *lahaa*, nawe utasema *Allahumma-ghfir lahaa warhamhaa, wa 'aafihaa wa'fu 'anhaa, wa akrim nuzulahaa*, hadi mwisho. Kwa wawili ni *lahumaa*, na kwa wengi ni *lahum*.

Usipojua jinsia, sema *lahu* ukikusudia "maiti", neno ambalo kwa Kiarabu hutamkwa kwa kiume. Kwa sababu hiyo hiyo aliyesema *lahu* kwa mwanamke kwa kusahau sala yake haikuharibika, wala hana haja ya kurudia dua.

10. Je, tunamwombea mke aliyefariki apate mume mwingine?

Swali hili huulizwa na wajane, nao wana haki ya jibu la wazi. Wanazuoni wa Kishafi wameeleza kwamba kubadilishiwa kunakoombwa katika *ahlan* na *zawjan* ni kubadilishiwa sifa: aliyekuwa na upungufu duniani awe hana upungufu huko. Haimaanishi lazima mtu mwingine. Kwa maelezo hayo maneno yanamfaa mume, mke, na hata asiyewahi kuoa au kuolewa, kwa maana ya yule ambaye angekuwa mwenza wake. Wapo wanazuoni walioona kipande hicho kisisemwe kwa mwanamke, na anayekiacha hana neno.

11. Sijahifadhi dua yote. Je, nisimame kimya?

Usisimame kimya. Kiasi cha chini kinachotimiza nguzo ni chochote kiitwacho dua kwa maiti huyo, kama *Allahumma-ghfir lahu* au *Allahumma-rhamhu*. Ni maneno mawili, na mtoto wa madrasa huyashika kwa siku moja. Yarudie mpaka imamu alete takbira ya nne.

12. Maiti akiwa mtoto mdogo husomwa nini?

Mtoto ambaye hajabaleghe hana dhambi iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo dua huelekezwa kwa wazazi. Baada ya dua ya *lihayyinaa wa mayyitinaa* husomwa:

*Allahumma-j'alhu faratwan li abawayhi, wa salafan wa dhukhran, wa 'idhwatan wa'tibaaran wa shafii'an, wa thaqqil bihi mawaaziinahumaa, wa afrighis-swabra 'alaa quluubihimaa.*

*Farat* ni mtu anayewatangulia wenzake safarini kwenda kuwaandalia maji kisimani kabla hawajafika. Hivyo ndivyo mtoto anavyoombewa awe kwa wazazi wake: mtangulizi, akiba iliyowekwa, mazingatio, na mwombezi. Kisha mizani yao iwe mizito kwa ajili yake, na nyoyo zao zimiminiwe subira. Kwa msichana sema *Allahumma-j'alhaa* na *li abawayhaa*, na *bihaa* badala ya *bihi*.

Mimba iliyoharibika ina hukumu yake. Mtoto akizaliwa akalia au akaonyesha dalili ya uhai kisha akafa, huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na huzikwa kama mkubwa. Aliyetimiza miezi minne tumboni na akatoka bila dalili yoyote ya uhai, kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi huoshwa, huvishwa na huzikwa bila kusaliwa, ingawa Wahanbali humsalia.

## Takbira ya nne na salamu

Imamu hapaswi kutoa salamu mara tu baada ya takbira ya nne. Nguzo hapa ni takbira yenyewe, lakini ni sunna kusema: *Allahumma laa tahrimnaa ajrahu, wa laa taftinnaa ba'dahu, waghfir lanaa wa lahu*, yaani usitunyime malipo ya msiba huu, usitutie katika fitina baada yake, na utusamehe sisi na yeye. Dua hii inawarudia walio hai, kwa kuwa wao ndio wanaobaki na mtihani. Mashafi hutoa salamu mbili kama katika sala nyingine, na Wahanbali moja ya kulia.

## Hali zisizo za kawaida

13. Nimefika na kukuta imamu amekwisha kuanza. Nifanye nini?

Leta takbira papo hapo bila kungoja. Hesabu yako ni yako mwenyewe: takbira unayoingilia ndiyo ya kwanza kwako, na unasoma Fatiha hata kama imamu yuko kwingine.

Tuchukue mfano. Umefika imamu akiwa baada ya takbira ya pili. Umeleta takbira na kuanza Fatiha, na ulipofika *iyyaaka na'budu* imamu akaleta ya tatu. Acha Fatiha hapo hapo, mfuate kwa takbira, na uanze kumsalia Mtume, kwa kuwa hiyo ni ya pili kwako. Fatiha iliyobaki imekuondokea kwa sababu ya kuchelewa. Imamu akileta ya nne, wewe leta ya tatu yako na umwombee maiti. Akitoa salamu, usitoe naye: leta takbira yako ya nne, sema dua yake fupi, kisha toa salamu.

Inapendeza jeneza lisiinuliwe mpaka waliochelewa wamalize. Likiinuliwa kabla, endelea tu, sala yako ni sahihi. Ukikuta imekwisha kabisa, unaweza kumsalia kabla hajazikwa au hata kaburini baada ya kuzikwa, kwani Mtume alimsalia kaburini mtu aliyekuwa akifagia msikiti na akazikwa usiku bila yeye kuarifiwa.

14. Imamu ameleta takbira ya tano, au ametoa salamu baada ya tatu. Je?

Ya tano haibatilishi sala kwa kauli sahihi, lakini maamuma hamfuati: atatoa salamu mwenyewe, au atamngoja imamu ili watoe pamoja, na kungoja ndiko bora. Ukihudhuria jeneza la Ithnaashari utasikia takbira tano, na huo ndio mpangilio wao.

Tatu hazitoshi, kwa sababu takbira zote nne ni nguzo. Imamu akisahau na akakumbushwa papo hapo, ataleta ya nne na kutoa salamu tena.

15. Ndugu yetu amezikwa Unguja nasi tuko Maskati. Tunaweza kumsalia?

Ndiyo, kwa Mashafi na Wahanbali. Dalili yao ni Najashi, mfalme wa Uhabeshi, ambaye Mtume alitangaza kifo chake siku ile ile akiwa Madina, akawapanga masahaba safu na kuleta takbira nne. Wahanafi na Wamaliki hawaisali sala ya aliye mbali, nao huiona ile kuwa ya Najashi peke yake.

Sharti ni maiti awe nje ya mji mnaosalia. Aliye katika mji huo huo haendewi kwa sala ya mbali, hata kama msongamano wa magari ni mkubwa. Mpangilio ni ule ule wa swali la 3, mkielekea kibla cha mahali mlipo bila kujali Unguja iko upande gani. Kinachobadilika ni nia tu: badala ya *haadhal-mayyiti* mtakusudia *al-mayyitil-ghaa'ib*, maiti asiyekuwepo, na hapa, kwa kuwa hakuna jeneza la kuliashiria, ni lazima moyo umkusudie yeye mwenyewe kwa jina lake.